Mume seremala, mke mshonaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuchagua mradi mmoja bila kugombana

Maswali yaliyomo humu ni yale yanayorudi kila mara mume na mke wenye ujuzi tofauti wanapotaka kuweka nguvu zao katika mradi mmoja. Ili majibu yasielee hewani, mfano mmoja umetumika tangu mwanzo hadi mwisho: mume ni seremala, mke ni mshonaji wa mapazia na foronya, na wote wawili wamechoka kila mtu kuhangaika peke yake. Fedha zimetajwa kwa namba tupu bila jina la sarafu, kwa hiyo msomaji aweke ya kwake.

## Kabla ya kutaja mradi wowote

1. Tuanze na nini: kutafuta wazo la biashara au kitu kingine?

Anzeni na mipaka. Wanandoa wengi hugombana kwa sababu mazungumzo ya kwanza huwa ni ya majina ya biashara, na mtu akishataja jina la biashara huanza kulitetea kana kwamba ni mtoto wake. Mipaka haina mwenyewe. Ni mambo matatu tu: kiasi cha akiba ambacho kikipotea chote nyumba bado itaendelea, saa ambazo kila mmoja anazo kwa wiki baada ya shughuli za lazima, na muda mnaoweza kusubiri kabla mradi haujaanza kuingiza chochote.

Wenzetu wa mfano waligawa akiba yao katika mafungu 10. Mafungu 6 yalitosha matumizi ya nyumba ya miezi mitatu, wakayafunga, wakakubaliana kwamba hayaguswi hata mradi ukionekana kuwa wa dhahabu. Yakabaki 4. Kwa upande wa saa, mke alikuwa na 20 kwa wiki na mume 27. Hapo hakuna hata mradi mmoja uliokuwa umetajwa, na tayari mengi yalikuwa yameamuliwa.

2. Kwa nini tunashauriwa kuandika mawazo kila mtu peke yake?

Kwa sababu anayesema kwanza huelekeza mazungumzo yote, na kwa kawaida mwepesi wa kusema ni yuleyule kila siku. Kila mmoja achukue karatasi yake, aandike miradi isiyozidi mitatu, na chini ya kila mradi ajibu: nani atalipa, atalipia nini hasa, na mimi nitakuwa nafanya nini siku ya kawaida ya kazi.

Swali la mwisho ndilo lenye uzito. Mume wa mfano aliandika «duka la samani», lakini alipoeleza siku yake ya kawaida alijikuta ameandika kuranda, kupiga vanishi na kukaa dukani kumsubiri mteja. Kukaa dukani hakupendi hata kidogo, na ameoa mtu anayekuchukia zaidi. Ugomvi ambao ungekuja baada ya mwaka mzima ulionekana kwenye karatasi jioni ileile.

Karatasi zibadilishwe zikiwa zimekamilika, kila mmoja asome ya mwenzake kimya, kisha kila mmoja apewe haki ya kufuta mradi mmoja bila kutoa sababu. Haki hiyo inaonekana ndogo, lakini humwondolea mtu ulazima wa kutafuta hoja za kitaalamu kwa jambo ambalo moyo wake umelikataa tu.

3. Ni lazima mradi utumie ujuzi wa wote wawili?

Si lazima, na kulazimisha kunaweza kuzaa mradi wa ajabu usio na mnunuzi. Kinachotakiwa ni kila mmoja awe na kazi ya kweli ndani yake, ambayo isipofanyika mradi unasimama. Kazi hiyo inaweza kuwa ujuzi wake wa zamani, lakini pia inaweza kuwa kutafuta wateja, kununua vifaa, kuweka hesabu au kufuatilia madeni. Ikitokea mmoja hana kazi ya namna hiyo, tazama swali la 10.

## Kuchuja na kupima

4. Tuna miradi mitatu inayoonekana mizuri. Tunachaguaje?

Chujio la kwanza ni ile mipaka ya swali la 1. Katika mfano wetu ilibaki miradi mitatu: duka la samani mpya, kushona na kufunga mapazia, na kukarabati makochi yaliyochakaa. Duka lilihitaji mafungu 9 ya akiba kwa ajili ya mbao, pango na bidhaa za kuweka mbele ya wateja. Wao walikuwa na 4. Likatoka, na halikutoka kwa sababu mke alishinda au mume alishindwa.

Chujio la pili ni hesabu ya wiki moja, ambayo watu wengi huifanya nusu. Kukarabati kiti kimoja cha kochi kungelipwa 100. Kitambaa 30, sponji 15, gundi, pini na uzi 5, usafiri 8. Jumla 58, na kinachobaki ni 42. Kazi hiyo ingechukua saa 9 za mume, za kuvua kitambaa cha zamani, kukaza fremu, kubadilisha mikanda ya chini na kufunga, na saa 5 za mke za kupima, kukata na kushona. Pazia za dirisha moja zingelipwa 40, vifaa 24, kinabaki 16, kwa saa 4 za mke na saa 1 ya mume ya kufunga fimbo.

Mtu akigawa kwa saa, mapazia yanashinda: 16 kwa saa 5 ni 3.2, na kiti ni 42 kwa saa 14, yaani 3. Hapo ndipo wengi husimama, na ndipo wanapokosea. Saa 20 za mke zingetoa pazia za madirisha 5, yaani 80 kwa wiki, na mume angetumia saa 5 tu kati ya 27 zake. Upande wa makochi, saa 27 za mume zingetosha viti 3, yaani 126 kwa wiki, na mke angetumia saa 15. Mradi wa pamoja hupimwa kwa kile ambacho wote wawili wanaingiza kwa saa walizonazo, kwa kuwa saa za mmoja zisizotumika hazihamii kwa mwingine.

5. Je, hesabu hiyo inaweza kuonyesha kwamba hatuhitaji mradi wa pamoja?

Ndiyo, na ikionyesha hivyo iheshimuni. Katika mfano, mapazia yanamwachia mume saa 22. Makochi yanazidi mapazia kwa 46 kwa wiki. Kama mume angeweza kuzitumia saa zile 22 kwenye oda zake za vitanda na zikamwachia zaidi ya 46, basi busara ingekuwa mke afanye mapazia, mume abaki na vitanda, na waache kujilazimisha kukaa banda moja. Oda zake hazikuwa za kuaminika; wiki nyingine zilikuwepo na nyingine hakuna kabisa. Kwa hiyo walichagua makochi, wakijua wazi wameacha nini. (Mimi binafsi ningempa mke nafasi ya kuendelea na pazia chache kwa saa 5 zinazobaki, kwa sababu mtu mwenye ujuzi wa zamani hapendi kuuzika ghafla.)

6. Tunasikia watu wakisema ujuzi tofauti huleta ugomvi. Ugomvi huo hutokea wapi hasa?

Hutokea mahali kazi inapotoka mkono mmoja kuingia mkono mwingine. Ndani ya useremala wake mume hana wa kugombana naye, na mke kwenye cherehani yake vilevile. Makabidhiano ndiyo yenye moto, na mtu anayechagua mradi anapaswa kuyachungulia kabla hajauchagua.

Kwenye kochi makabidhiano yako kwenye sponji. Mke alipima mto wa zamani akapata unene wa sentimita 9, kwa kuwa ulikuwa umebonyea miaka mingi, akakata kitambaa kwa kipimo hicho. Mume, akijua mteja anataka kiti kigumu, alinunua sponji ya sentimita 12. Siku ya kufunga, mke alivuta zipu ikafika katikati ikagoma. Alipoivuta kwa nguvu, mshono wa kona ukaachia. Hakuna aliyekosea ndani ya kazi yake. Kila mmoja alifanya vizuri kwa taarifa aliyokuwa nayo, na ndiyo maana kila mmoja alikuwa na uhakika kwamba mwenzake ndiye mzembe. Makosa ya makabidhiano ni machungu kwa sababu hiyo.

Dawa yake ilikuwa karatasi moja inayobandikwa kwenye fremu: sponji mpya hukatwa kwanza, unene na urefu wake huandikwa pale na aliyeikata, na mshonaji hapimi chochote kutoka mto wa zamani. Kipimo cha mfuko wa mto hutolewa kwenye sponji mpya na kupunguzwa sentimita moja au mbili ili mto ujae bila mikunjo.

Kwa mradi wowote mnaoufikiria, chora mstari wa kazi kutoka kwa mteja kuingia hadi mteja kulipa, kisha hesabu mahali inapobadilisha mikono. Makabidhiano mawili au matatu yanasimamika. Yakifika saba au nane kwa kazi moja ndogo, mradi huo utawachosha hata kama mnapendana sana.

7. Tufanye majaribio ya muda gani, na tutajuaje kwamba yamefaulu?

Muda uwe mrefu kiasi cha kurudia kazi nzima mara kadhaa. Kwa makochi, viti 6 ndani ya wiki 8 vilitosha. Kiti cha kwanza kilikuwa cha kwao wenyewe, na nashauri kila mtu afanye hivyo inapowezekana, kwa sababu ndicho kitakachoharibika: chao kilikula saa 21 badala ya 14, na ndicho kilichopasuka kona. Cha sita kilichukua 15.

Masharti ya kusimama yaandikwe kabla ya kuanza, wakati hakuna aliyekasirika. Wao waliandika matatu: kama kinachobaki kwa kiti kitashuka chini ya 30 kwa wastani, kama viti zaidi ya viwili kati ya sita vitarudishwa na wateja, au kama fungu moja kati ya yale manne litaisha bila kurudi, wanasimama na kuzungumza upya. Bila masharti hayo, uamuzi wa kuacha huonekana kama mmoja anamsaliti mwenzake.

Katika majaribio msinunue vifaa vikubwa. Cherehani ya kawaida ya nyumbani hushona kitambaa cha kochi kwa shida, hasa pale mikunjo minne inapokutana, ambapo sindano hupinda au kuvunjika. Lakini kwa sindano namba 18, uzi wa nailoni na mwendo wa polepole viti sita vinawezekana. Mashine ya vitambaa vizito ingojee majibu ya majaribio.

## Maamuzi na fedha za kila siku

8. Tukitofautiana, nani awe na neno la mwisho?

Atakayeirudia kazi ikiharibika. Kwa mfano wetu, ubora wa fremu, mikanda na aina ya sponji ni neno la mume, kwa sababu kiti kikilia au kikibonyea ni yeye atakayekivua upya. Kitambaa kinachofaa, mpangilio wa maua na ukataji ni neno la mke. Kitambaa chenye maua makubwa huongeza mita kwa sababu maua lazima yakutane sawasawa kwenye mito, na kochi la watu watatu ambalo kwa kawaida hula mita 12 hadi 15 linaweza kuzidi hapo. Anayejua hilo ndiye anayepaswa kumwambia mteja.

Bei peke yake haina mwenyewe. Ipangwe na wote wawili, iandikwe kwenye jedwali, na asiwepo wa kuipunguza mbele ya mteja akiwa peke yake. Nimeona wanandoa wakivumiliana kwa hasara kubwa kuliko hiyo, wakaja kukosana kwa sababu mume alimpunguzia rafiki yake bei ya kazi ambayo nusu yake ni jasho la mke. Sentensi «nitazungumza na mwenzangu kisha nikupe jibu» haimshushi mtu hadhi, na wateja huizoea haraka.

9. Fedha za mradi tuzitenganishe vipi na za nyumbani?

Fedha zote zinazoingia ziende kwanza mahali pamoja pa mradi, na hakuna anayechukua ya matumizi njiani. Humo hutolewa gharama za vifaa, kisha posho ya kila mmoja kwa saa alizofanya, kwa kiwango kimoja kwa wote wawili mpaka majaribio yaishe. Kiwango kimoja huwaudhi wale wanaoamini ujuzi wao ni mgumu zaidi, lakini kubishana ugumu wa kazi kabla hamjajua kama mradi unalipa ni kugombania ngozi ya mnyama ambaye hajawindwa.

Wekeni pia kiwango ambacho mmoja anaweza kutumia bila kuuliza. Wao waliweka 20, ambayo inatosha gundi, pini na uzi lakini haitoshi kitambaa. Kila kitu juu ya hapo kinahitaji «ndiyo» ya wote. Daftari liwe na mtu mmoja anayeandika, na mwingine alisome mara moja kwa wiki na kutia saini. Kikao hicho cha wiki kisizidi dakika 40 na kisifanyike kitandani.

## Hali zisizo za kawaida

10. Ujuzi wa mmoja wetu hauhitajiki kabisa kwenye mradi tulioupenda. Afanye nini?

Akubali kuwa mwanafunzi, au aendelee na kazi yake. Njia ya tatu, ambayo ndiyo hutokea mara nyingi, ni kumpa cheo cha «msimamizi» asiyejua kazi anayoisimamia, na hiyo huharibu mambo haraka. Kama anachagua kujifunza, muda wa kujifunza uhesabiwe kama saa za mradi, na mwenye ujuzi amfundishe kwa kazi kamili ndogo, kwa mfano kuvua kitambaa cha zamani na kuweka alama kila kipande kilipotoka, badala ya kumtuma kuleta vifaa mwaka mzima.

11. Mmoja ameajiriwa na hataki kuacha kazi. Bado tunaweza?

Mnaweza, mradi saa zake zihesabiwe kwa ukweli na makabidhiano yapangwe kulingana nazo. Kazi yake isiwe ile ambayo mwenzake lazima aisubiri katikati ya siku. Kama mume wa mfano angekuwa ameajiriwa, kuvua na kukata sponji kungefanyika siku ya mapumziko kwa viti vyote vya wiki, na mke angeshona siku zinazofuata bila kumngoja. Mshahara wake usichukuliwe kuwa mtaji usio na mwisho. Ule mpaka wa mafungu uliotajwa katika swali la 1 unabaki palepale.

12. Mradi tayari ni wa mmoja wetu na mwingine anaingia. Masharti ni yaleyale?

Hapana. Anayeingia anakuta wateja, vifaa na mazoea, na haki kwa mwenyeji ni kuandika thamani ya vyote hivyo siku mwenzake anapoingia, ili baadaye kusiwe na kubishana nani alileta nini. Haki kwa anayeingia ni kupewa eneo moja ambalo neno lake ni la mwisho tangu siku ya kwanza, kwa kanuni ya swali la 8. Mwenyeji akishindwa kuachia hata eneo moja, basi anatafuta mfanyakazi, na mfanyakazi hulipwa mshahara.

13. Ndugu anataka kutukopesha au kuingia nasi. Tukubali?

Wakati wa majaribio, hapana. Fedha ya ndugu huleta sauti ya tatu kwenye kikao cha watu wawili, na mara nyingi sauti hiyo ina upande hata kabla haijazungumza. Baada ya majaribio, mkopo wenye tarehe ya kurudishwa ni salama kuliko hisa, kwa kuwa mkopo huisha. Makubaliano yaandikwe na kusainiwa na wanandoa wote wawili, akiwemo yule ambaye ndugu si wa kwao.

14. Mradi uandikishwe kwa jina la nani, na itakuwaje tukitengana au mmoja akifariki?

Kwa majina ya wote wawili pale sheria ya mahali mlipo inaporuhusu, na sheria hizo hutofautiana, kwa hiyo muulizeni mwanasheria wa hapo kabla ya kusajili. Kwa vyovyote vile, wekeni orodha ya vifaa inayoonyesha kila kimoja kimenunuliwa lini na kwa fedha ya nani: ya mradi, ya mume au ya mke. Andikeni pia nani atamaliza kazi za wateja waliokwisha kutoa malipo ya awali, na nani atawarudishia fedha zao zisipomalizika. Orodha hiyo ihuishwe kila mnaponunua kifaa, na nakala yake moja ikae mahali ambapo si bandani.